"Sikusikii vizuri": kutafuta kosa kuanzia tundu la maiki hadi kava la simu

Ukiambiwa "sikusikii", usikimbilie kuzima na kuwasha simu. Muulize kwanza huyo wa upande wa pili: unanisikiaje? Watu wengi huishia kwenye "sikusikii" kwa sababu hakuna anayewauliza zaidi, na wewe mwenyewe huwezi kujisikia. Akikujibu "kama unaongelea ndani ya pipa" au "kama umejifunika blanketi", hilo ni jambo moja. Akisema "unaanza vizuri, unafifia, unarudi, unafifia tena", hilo ni jingine kabisa. "Najisikia mwenyewe" ni la tatu. Na akisema maneno yanaruka na sauti imekuwa ya roboti, huenda simu yako haina kosa lolote, ni mtandao tu.

Natengeneza simu, na wateja wengi hufika wakiwa wameshaamua: "Fundi, maiki imekufa, nibadilishie." Mara nyingi maiki ni nzima. Kilichotokea ni kwamba sauti haifiki kwenye maiki, au inafika halafu simu yenyewe inaifuta. Hayo mambo mawili yana uhusiano ambao wengi hawaujui.

Maiki si moja

Simu za siku hizi huwa na maiki mbili, tatu, hata nne. Ya chini ndiyo ya kuongelea. Ni kitundu kidogo kama ncha ya kalamu, pembeni ya tundu la chaji. Ya juu hukaa karibu na spika ya sikioni, ama ukingoni kabisa ama ndani ya mwanya uleule unaotoa sauti ya sikioni. Simu nyingi zina nyingine nyuma, jirani na kamera, kwa ajili ya video.

Simu ikiwa sikioni, sauti yako inabebwa na maiki ya chini. Ya juu nayo hailali, inasikiliza kelele za mazingira ili simu ijue cha kuondoa. Ukiweka spika ya nje, simu nyingi hugeuza mpango na kuipa maiki ya juu kazi kubwa zaidi, maana ya chini sasa iko jirani na spika inayopiga kelele. Ndiyo maana mtu anaweza kusikika vibaya sana simu ikiwa sikioni, akibonyeza spika tu anasikika safi. Hali hiyo ikikupata umeshapata nusu ya jibu: tafuta kosa chini, karibu na chaji.

Kuna simu zenye safu mbili za matundu, kushoto na kulia mwa chaji, na watu hudhani zote ni spika. Kwa kawaida spika ni upande mmoja tu, upande wa pili umeficha maiki. Nimeshapokea zaidi ya simu moja ambayo mwenyewe aliona "spika ya kushoto haitoi sauti", akachukua sindano akaanza kuizibua. Alichokuwa anakichoma ni maiki.

Jaribio la kwanza, kabla hujagusa chochote

Zima Bluetooth. Hedifoni ndogo zisizo na waya zikiwa ndani ya begi na kasha lake limefunguka kidogo, zinaweza kuidaka simu bila wewe kujua. Unaongea mdomo ukiwa kwenye simu, ila maiki inayosikiliza iko chini ya daftari na funguo. Zenye waya nazo zichomoe.

Sasa fungua programu ya kurekodi sauti iliyokuja na simu. Kurekodi hakupiti kwenye mtandao, na kwa kawaida hakutumii mashine ileile ya kufuta kelele inayofanya kazi wakati wa kupiga simu. Shika simu kama unavyoishika ukiongea, kava likiwa mahali pake, useme kwa sauti ya kawaida:

"Fisi sita wafupi wamefika kusaka sufuria safi."

Kisha useme: "Mama na bibi wanalima mbali."

Sentensi ya kwanza imejaa s na f, sauti nyembamba za juu ambazo hupotea mapema kabisa tundu likiziba. Ya pili ina sauti nzito ambazo hupenya hata ukiwa umefunika maiki kwa kitambaa. Sikiliza ulichorekodi kwa hedifoni unazoziamini au kwenye simu nyingine. Kama mama na bibi wanasikika vizuri lakini fisi sita wamegeuka kuwa kitu kama "ihi hita", njia ya sauti imezibwa. Kama sentensi zote mbili ziko safi, tundu halina shida, na utafute kwingine.

Ukitaka kujua ni maiki ipi, rekodi pia video fupi mbili, moja kwa kamera ya mbele na moja kwa ya nyuma. Kwenye iPhone mgawanyo uko wazi: Voice Memos hutumia maiki ya chini, video ya kamera ya mbele hutumia ya mbele karibu na sikio, na video ya kamera ya nyuma hutumia ya nyuma. Wenye Samsung wanaweza kutumia programu ya Samsung Members, ambayo ndani yake kuna vipimo vya simu, kikiwemo cha maiki.

Rekodi ikiwa safi na bado watu wanalalamika, piga simu mbili kwa mtu yuleyule, moja ya kawaida na nyingine ya WhatsApp, ukiwa umetulia kwenye chumba kimya. Ukisikika vibaya kwenye moja tu, lawama ni ya mtandao au ya programu. Tena ujue kwamba simu ya kawaida kwenye mitandao ya zamani hubeba sauti za kati ya hezi 300 na 3400 tu, wakati zile zinazoitwa HD hufika hezi 7000. Kwa hiyo s na f kuchanganyikana kidogo kwenye simu ya kawaida, huku WhatsApp ikiwa safi, si ugonjwa wa simu yako.

"Kama uko ndani ya pipa"

Nyuma ya kile kitundu hakuna maiki moja kwa moja. Kuna wavu mwembamba wa kuzuia vumbi, kuna mpira unaoziba pembeni ili sauti ipite njia moja tu, ndipo maiki yenyewe inakuja, ndogo kama punje, imebandikwa kwenye ubao. Simu zisizoingiza maji huwa na utando mwingine unaoruhusu hewa na kuzuia maji. Kinachoziba ni nyuzi za mfukoni zilizochanganyika na jasho, mafuta ya ngozi na poda. Vikikaa miezi kadhaa vinagandamana kama kipande cha blanketi juu ya wavu.

Washa tochi uielekeze kwa ubavu, si wima, na utumie kamera ya simu nyingine kukuza. Tundu safi ni jeusi na ndani yake unaona wavu unang'aa kidogo. Lililoziba lina rangi ya kijivu au kahawia na uchafu umefika usawa wa fremu, utadhani hakuna tundu pale.

Kusafisha ni kazi ya dakika moja. Zima simu, vua kava. Chukua mswaki laini, mkavu, ambao haujawahi kuguswa na dawa ya meno. Elekeza tundu chini ili kinachotoka kidondoke, halafu sugua kwa kupitisha, kwenda na kurudi, bila kukandamiza. Nyuzi za mswaki zinatakiwa kukombeleza, si kuchoma. Baada ya hapo bandika selotepu juu ya tundu, igandamize kwa kidole, ibandue, rudia mara tatu au nne kila mara kwa kipande kipya. Utashangaa kinachotoka nayo. Rekodi fisi sita tena, linganisha.

Kuhusu sindano sibembelezi mtu. Ukipenya wavu umetengeneza mlango wa vumbi, ukipenya utando simu haizuii maji tena, na ukifika kwenye maiki umeimaliza. Kosa kubwa kuliko yote ni kile kipini cha kutolea laini. Tundu la kutolea laini liko kwenye kile kijisahani chenyewe au limegusana nacho, na lina mstari wa kijisahani unaolizunguka. Tundu lililo peke yake kwenye fremu, bila mstari wowote, ni maiki. Kwenye simu ambazo laini inaingilia chini, yote mawili yamekaa jirani, na hapo ndipo watu hubonyeza kwa nguvu wakisubiri kijisahani kitoke. Hakitoki.

Hewa ya kopo au pampu nayo iache. Ngozi ya maiki hizi imetengenezwa iwe nyembamba kiasi cha kutikiswa na pumzi ya maneno, na upepo wa ghafla unaweza kuichana. Kupuliza kwa mdomo huongeza unyevu. Spiriti ya kudondosha huyeyusha uchafu, inaupitisha kwenye wavu, ikikauka inauacha ndani, na huko mswaki haufiki.

Kama tatizo limeanza baada ya mvua au simu kuingia majini, usisugue. Maji hutanda kwenye wavu kama utando wa povu la sabuni na kuziba vilevile. Gongagonga simu taratibu kwenye kiganja, tundu likiwa chini, kisha iache mahali pakavu penye upepo. Usiitie kwenye mchele. Hata Apple wanaonya kwamba vipande vidogo vya mchele vinaweza kuiharibu simu. Usitumie mashine ya kukaushia nywele pia. Sauti ya pipa hupungua yenyewe kadiri maji yanavyokauka. Ikipita siku mbili tatu na hakuna mabadiliko, maji yameingia ndani zaidi.

Halafu kuna kidole. Simu zimekuwa ndefu na nzito, kwa hiyo watu huzikalisha juu ya kidole kidogo kwa chini, na kidole hicho kinalalia maiki barabara. Nikimwona mteja anaongea hivyo sihitaji hata kufungua droo ya vifaa.

"Unaanza vizuri halafu unafifia"

Hapa ndipo simu inapoifuta sauti yako yenyewe, kwa nia njema. Ili uelewe kwa nini, fikiria jinsi inavyotenganisha wewe na kelele. Mdomo wako uko sentimita chache kutoka maiki ya chini, na zaidi ya sentimita kumi kutoka maiki ya juu. Sauti hupungua kwa desibeli kama 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, hivyo maneno yako hufika chini yakiwa na nguvu kuliko juu. Jenereta linalonguruma mita kumi kutoka hapo hufika kwenye maiki zote mbili kwa nguvu karibu sawa, maana sentimita chache hazibadilishi kitu kwa kilicho mbali. Kanuni ya simu, kwa ufupi, ni hii: kilicho kikubwa chini kuliko juu ni mwenye simu, kilicho sawa kote ni kelele, ondoa.

Sasa ziba maiki ya chini nusu kwa uchafu, kava au kidole. Sauti yako inayofika chini inapungua hadi kulingana na ile ya juu. Kwa hesabu za simu, wewe sasa ni jenereta. Inakufuta.

Ndiyo maana kuziba kidogo tu kunaweza kuleta malalamiko makubwa. Kwenye rekodi ya kawaida unasikika umefifia kidogo, kitu ambacho mtu angevumilia. Kwenye simu, ile mashine ya kufuta kelele inachukua upungufu huo mdogo na kuufanya kuwa maneno yaliyopotea. Vilevile ukiibana simu kati ya bega na sikio, ncha yake ya chini inachepuka kuelekea shingoni, na tofauti kati ya maiki mbili inayeyuka hata kama matundu ni masafi kabisa.

Dalili zake unaweza kuzitambua. Maneno ya kwanza hutoka vizuri, kisha sauti inazama simu ikishaanza kupima mazingira. Mwisho wa sentensi, pale ambapo wengi hushusha sauti, unamezwa. Ukiwa chumba kimya hakuna shida, ukitoka barabarani shida inaanza. Na ukiinua sauti unasikika ghafla, kisha ukirudi kwenye sauti ya kawaida unapotea tena. Mtandao mbovu haubagui hivyo. Wenyewe hukata neno katikati, kwa sauti kubwa au ndogo, kimya au kelele.

Pa kuzima huko kufuta kelele panategemea simu. Kwenye iPhone, ukiwa katikati ya mazungumzo, fungua Control Center utafute Mic Mode, uone kama imewekwa Voice Isolation. Irudishe Standard halafu mwulize mwenzako. Kwa mazungumzo ya kawaida ya simu, yasiyo ya programu, chaguo hili lilikuja na iOS 16.4. Kwenye iPhone za kabla ya 13 kuna swichi nyingine: Settings, Accessibility, Audio & Visual, kisha Phone Noise Cancellation. Kwenye Android, andika noise kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya Settings. Baadhi ya simu zina swichi, nyingine zimeifungia ndani na huwezi kuigusa. Zoom nayo ina yake ya kupunguza kelele za nyuma, na ukiiteremsha inaacha kuwa kali. Wenye Pixel wasihangaike na Clear Calling kwa tatizo hili, maana hiyo husafisha sauti ya yule unayemsikiliza wewe, haigusi unavyosikika kwake.

Siwaambii watu waizime moja kwa moja. Bila hiyo, mtu aliye sokoni au ndani ya basi hasikiki kabisa. Izime kama kipimo. Kama kuizima kunaponya tatizo, uliza swali linalofuata: kwa nini ilinidhania kelele? Mara nyingi jibu liko kwenye tundu, kava au namna unavyoshika simu, na ukilirekebisha hilo unaweza kuirudisha kazini. Isipokuwa pale ambapo unataka hicho inachokifuta kisikike. Bibi amepiga simu amsikie mjukuu anavyojaribu kuongea, mtoto yuko pale pale anapiga kelele zake, na bibi analalamika mbona kuko kimya. Simu imemfuta mjukuu.

Kava, na mwangwi

Kava linaharibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi: tundu la kava halikai sawasawa na tundu la simu. Hii hutokea kwa kava la modeli inayofanana na yako lakini siyo yako, na kwa mpira laini uliolegea ukashuka milimita moja au mbili, na milimita moja inatosha. Chunguza pia ukingo wa tundu la kava kwa ndani. Makava mengine hutoka kiwandani na ngozi nyembamba ya mpira iliyobaki kwenye tundu, unaikuta imeziba nusu. Kuna na uchafu unaojikusanya kati ya kava na simu, hivyo unasafisha kava lenyewe, unasahau kwamba chini yake kuna vumbi limekaa juu ya maiki. Yale makava ya kuzuia maji yenye plastiki juu ya kila tundu yanabana sauti hata yakiwa mapya.

Njia ya pili wengi hawaifikirii. Kava lisilobana vizuri huacha upenyo mwembamba kati yake na mgongo wa simu, na upenyo huo unakuwa bomba. Sauti ya spika inasafiri ndani ya bomba hadi kwenye maiki, na mwenzako anasikia maneno yake yakimrudia. Simu ina mashine ya kufuta mwangwi, nayo ikizidiwa inachagua njia ya mkato: mwenzako akiongea, inaibana maiki yako. Matokeo yake, mkiongea kwa pamoja wewe unapotea, na akinyamaza unarudi. Punguza sauti ya spika nusu. Mwangwi ukipungua, umeshajua unakotoka. Vua kava, upige tena.

Kioo cha kulinda skrini kiangalie kwa juu. Kikiwa kipana kuliko kinavyotakiwa, kinafunika mwanya wa spika ya sikioni ambamo maiki ya juu imejificha. Hapo malalamiko yanageuka: simu ikiwa sikioni wanasikia kelele zote za nyuma yako, kwa kuwa simu haina tena cha kulinganishia, na ukiweka spika ya nje ndipo unakuwa kwenye pipa.

Mwalimu na simu yake

Mwalimu mmoja aliniletea simu akisema wazazi wa wanafunzi wanamkatia simu kwa kuwa hawamsikii. Alishabadilisha laini, alishafuta programu kadhaa. Nikamuuliza:

"Ukiweka spika je, dada?"

"Nikiweka spika wananisikia. Lakini siwezi kuongea mambo ya mtoto wa mtu kwa spika, fundi."

Kwa hiyo chini. Tukarekodi fisi sita na kava likiwepo: mama na bibi wazima, fisi hakuna. Tukavua kava tukarekodi tena, fisi wakarudi nusu. Nilipoligeuza kava nikakuta ule mpira wa kiwandani umeziba karibu nusu ya tundu, na kwenye simu yenyewe tundu la kulia limejaa unga mweupe uliogandamana. Alicheka kabla sijauliza. Chaki.

Mswaki, selotepu mara nne. Rekodi ya tatu ilikuwa safi, kila s mahali pake. Nikakata ule mpira kwa wembe. Nikampigia simu, naye akaenda kusimama nje penye kelele. Dakika ya kwanza alisikika vizuri. Ghafla akaanza kuzama, mwisho wa kila sentensi ukawa unamezwa. Nikatoka kumwangalia: amechomoa daftari kwenye mkoba, anaandika, simu ameibana kwa bega. Ncha ya chini ilikuwa inaelekea kwenye kola.

Nikamwomba asimame vilevile, nikaizima hali ya kufuta kelele kwenye simu yake. Akasikika mwanzo hadi mwisho, ingawa pamoja na kelele zote za barabara. Nikaiwasha tena, nikamwambia aishike simu kwa mkono, ncha ya chini ije usawa wa mdomo. Akasikika safi na barabara ikanyamaza. Kwa hiyo simu moja ilikuwa na makosa matatu yaliyobebana. Kama tungeishia kwenye mswaki, angerudi kesho yake akisema sijafanya kitu. Kwa sababu anapenda kuandika huku akiongea, nilimshauri atumie hedifoni za waya zenye maiki, ambazo hukaa karibu na kidevu hata mikono ikiwa na kazi.

Ikishindikana

Ukishasafisha, umevua kava, umeondoa kidole, na rekodi bado ina pipa au ina mkwaruzo usioisha, kosa liko ndani. Simu iliyoanguka inaweza kuwa na mpira wa maiki uliohama. Iliyoingia maji inaweza kuwa na kutu.

Kuna swali moja la kujiuliza kabla ya kumpa fundi: je, shida ilianza baada ya kubadilishiwa sehemu ya chaji? Kwenye simu nyingi maiki ya chini imeungwa kwenye ubao uleule mdogo wa chaji, hivyo ubao ukibadilishwa, maiki nayo imebadilishwa, na bao za bei ya chini huja na maiki dhaifu. Hata ubao ukiwa mzuri, ule mpira unaoelekeza sauti kwenye maiki mara nyingi hubaki umenata kwenye ubao wa zamani na kutupwa nao. Simu inafungwa bila mpira, sauti inatawanyika ndani ya fremu, ya spika inaingia kwenye maiki, na mwenye simu anaondoka na chaji inayofanya kazi pamoja na mwangwi ambao hakuwa nao. Mwambie fundi afungue aangalie kama mpira na wavu vipo. Kabla hujaondoka pale, rekodi fisi sita mbele yake.